Siku moja maishani mwangu: keshia wa benki, na shoti ya laki mbili na sabini

Saa moja na nusu asubuhi niko kazini Morogoro, dirisha namba tatu. Nasaini shilingi 5,000,000 za kuanzia kutoka hazina, nazihesabu mbele ya supavaiza, nafungia kwenye droo. Saa mbili na nusu mlango unafunguliwa, na hadi saa sita sikumbuki kitu zaidi ya vidole na noti.

Kisha akaja yule kaka wa sokoni. Alikuwa na 4,815,000 kwenye mfuko wa rambo, zimefungwa kwa mipira, noti zimeangalia kila upande, nyingine zimebandikwa gundi. Mashine inazitema, nazipanga upya. Yeye yuko kwenye simu anabishana bei ya vitunguu, akikata ananiambia, "Dada, mbona unachelewesha watu?" Nimehesabu mara tatu. Dakika ishirini na mbili. Alipoondoka nikamtabasamia. Tunalipwa kwa hilo pia.

Saa nane nilirudisha 8,000,000 hazina kwa sababu droo ilishapita kiwango. Saa kumi mlango ukafungwa. Watu wa nje wanadhani hapo ndipo tunaenda nyumbani.

Nikajaza karatasi ya kubalansi. Za kuanzia 5,000,000, ongeza zilizowekwa 38,452,500, toa zilizotolewa 29,180,000, toa zilizokwenda hazina 8,000,000. Natakiwa niwe na 6,272,500. Nikahesabu droo, noti kwa noti, sarafu mwisho: 6,002,500.

Shoti 270,000. Hapa kwetu shoti isiyopatikana ni deni la keshia, linakatwa kwenye mshahara. Mgongo ukaingia baridi.

Kwanza unahesabu tena, na mwenzako anahesabu bila kuona namba yako. Akapata ileile. Tukafungua mabunda niliyofunga mwenyewe, tukapekua chini ya droo na kwenye kapu la takataka. Slipu ya hazina tuliilinganisha na nakala yao: 8,000,000 kwa 8,000,000. Kwa hiyo droo haikosei. Kilichobaki ni ama nimempa mtu pesa zaidi, na hapo nimekwisha, ama mfumo unadhani nimepokea nisichopokea.

Akili yangu yote ilikuwa kwa kaka wa vitunguu. Nikaitafuta slipu yake, nikajumlisha mchanganuo wa noti, nikatazama muamala kwenye ripoti. Sawasawa. Ukweli nilikasirika kumkuta hana kosa.

Supavaiza, mama mmoja mtulivu, akavuta kiti. "Gawa kwa mbili." Shoti ikiwa imetokana na utoaji ulioingizwa kama uwekaji, tofauti huwa mara mbili ya kiasi chenyewe. Nusu yake ni 135,000. Slipu ya kutoa ya 135,000 ilikuwepo, moyo ukaruka, lakini ilikuwa imeingizwa upande wake.

"Haya, gawa kwa tisa." 30,000, haibaki kitu. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Si ushahidi, maana namba nyingi zinagawanyika hivyo, ila inakuambia uangalie wapi: laki na makumi elfu, tarakimu zinazopishana kwa tatu, na kwenye mfumo ile kubwa imetangulia. Badala ya kusoma kila kitu tukawa tunatafuta sura ya namba tu. Yeye anasoma slipu, mimi naweka tiki ya wino mwekundu kwenye ripoti.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Mlinzi alishawasha taa za nje, nikawa nasoma 3 kama 8.

"Milioni moja, laki tatu na sitini."

Kwenye ripoti: 1,630,000.

Tukanyamaza. Nikageuza slipu. Noti za elfu kumi 112, za elfu tano 40, za elfu mbili 15, za elfu moja 10. Jumla 1,360,000, na tiki zangu pembeni ya kila mstari. Pesa nilihesabu vizuri, kidole ndicho kilichoteleza kwenye kibodi. Na mteja hakuwa msumbufu hata kidogo: bibi wa kikoba aliyeniuliza hali ya mwanangu wakati naandika. Ilikuwa baada tu ya yule kaka, nilipokuwa nakimbiza foleni.

Salio lake bado lilikuwepo, halijaguswa. Angetoa kwa simu jioni ile, tungeanza kumfuatilia. Supavaiza akampigia, akamweleza, kisha akaidhinisha kufuta muamala, nikaingiza upya 1,360,000 huku nikitamka kila tarakimu kwa sauti. Zilizowekwa zikashuka hadi 38,182,500, na mstari wa tofauti ukasoma 0.

Bibi alicheka kwenye simu. "Ujumbe niliuona mwanangu, nikadhani wa Dodoma kaniongezea."