Chaja ya Chumba Namba 9

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa na kurasa tatu, na nashukuru sikuituma. Nilikuwa na miezi minane tu kwenye dawati la bukingi, nikijiona najua kazi. Asubuhi moja nikafungua ukurasa wa kampuni inayotuchakatia malipo ya kadi nikakuta taarifa: mgeni aliyelipia usiku tatu amelalamika benki kwake, fedha zote zimeshakatwa kwenye akaunti ya hoteli pamoja na ada ya kushughulikia mzozo, na tuna siku saba za kujibu. Jibu hutumwa mara moja tu. Ukishabonyeza, huna nafasi ya kuongeza karatasi uliyoisahau.

Nilipandwa na hasira, maana mgeni yule nilimkumbuka. Alifika usiku wa manane, akalala, asubuhi akaondoka bila kueleza sababu. Leo anadai fedha zake! Nikaandika jinsi alivyomfokea mlinzi, jinsi alivyotupa kadi ya mlango kwenye kaunta, na kwamba hoteli yetu ina sifa njema. Bosi alisoma akafurahi sana, akaniongezea na jambo lake.

"Andika pia kwamba wakati wa kulipa alithibitisha kwa namba aliyotumiwa kwenye simu. Hapo hana pa kutokea."

Nilikuwa tayari kuliandika. Ila nilipopanda juu ya ukurasa kuangalia namba ya mzozo, nikaona kitu nilichokuwa nimekiruka: 13.7. Kwa kadi za Visa, namba hiyo ni ya mteja anayesema alifuta huduma na hakurudishiwa fedha. Chini yake kulikuwa na maelezo yake mafupi: alipiga simu jioni ya tarehe 14 akafuta bukingi, na hakukaa hotelini.

Yaani hakusema kadi yake iliibwa. Angesema hivyo, mzozo ungekuja na namba nyingine, na ule uthibitisho wa simu ungekuwa silaha yetu kubwa. Lakini mtu anayekiri kwamba alilipa mwenyewe, kisha akasema alifuta, huwezi kumjibu kwa kuthibitisha kwamba alilipa. Nilimweleza bosi, akanitazama kama niliyemtetea mgeni. Kurasa zangu tatu zilikuwa zinajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi: je, alikuja? Nikaanza kukusanya. Fomu ya usajili aliyosaini ilikuwepo. Fundi akanitolea kumbukumbu za kitasa cha chumba namba 9, zile zinazoonyesha kila mara kadi ilipofungua mlango. Nikaziweka mbili hizo pamoja mezani, moyo ukanishuka. Fomu ilisema mgeni ameingia tarehe 14. Kitasa kilisema mlango ulifunguliwa kwa kadi yake mara ya kwanza tarehe 15, saa 01:52.

Kwa mtu wa hoteli hakuna ajabu hapo. Mfumo wetu haubadilishi tarehe saa sita usiku. Hubadilika pale karani wa zamu ya usiku anapofunga hesabu za siku, na siku ile alifunga karibu na alfajiri. Mgeni aliyefika saa saba na nusu usiku bado aliandikishwa kwenye siku ya 14. Lakini anayesoma upande wa benki hajawahi kukaa zamu ya usiku. Yeye ana mafaili mengi, na akiona karatasi mbili za hoteli moja zinapingana, atafikiri mojawapo imetengenezwa. Kwa hiyo nikaandika sentensi mbili za kueleza tofauti hiyo, nikaziweka mwanzoni kabisa kabla hajafika kwenye karatasi zenyewe.

Kuhusu simu ya jioni sikuandika chochote zaidi ya kwamba hakuna ombi la kufuta lililoingizwa kwenye mfumo. Kijana wa mapokezi aliapa kwamba mgeni alipiga kusema atachelewa, siyo kufuta, na nilimwamini. Ila simu zetu hazirekodiwi.

Kisha ile fomu ya usajili. Nyuma yake mtu wetu alikuwa ameandika kwa kalamu namba nzima ya kadi, na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi pia. Nilishtuka. Tarakimu hizo haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa, na sisi tulikuwa karibu kuzipeleka wenyewe kama ushahidi! Nikapiga picha upande wa mbele tu, ule wa nyuma nikaufuta kwa wino mweusi mpaka karatasi ikalowa.

Siku ya nne ndipo Mama wa usafi alipoingia kuuliza ninachohangaikia. Nikamtajia chumba namba 9.

"Si yule aliyeacha chaja? Aliandika kuiulizia. Iko kwenye droo yangu."

Nikakimbilia sanduku la baruapepe la vitu vilivyosahaulika, ambalo sikuwahi kulifungua tangu niajiriwe. Ilikuwepo. Tarehe 15 mchana, kutoka anwani ileile iliyofanya bukingi, mistari miwili: ameacha chaja nyeupe kando ya kitanda, tumtunzie. Mtu ambaye hakukaa hotelini.

Bosi sasa alitaka tudai usiku zote tatu. Hapo tulibishana kweli. Ukurasa wetu wa bukingi ulieleza tu masharti ya kufuta kabla ya kufika. Kuhusu anayeondoka mapema haukuwa na neno. Sharti hilo lilikuwa kwenye fomu ya usajili, ambayo mgeni huiona akishalipa, na benki huangalia alichoonyeshwa wakati analipa. Tena nilipofungua mfumo nikaona chumba kilekile tulikiuza kwa mtu mwingine usiku wa tarehe 15 na wa 16. Tungedai fedha za kitanda ambacho tayari kilikuwa kimelipiwa.

"Basi mrudishie hizo mbili sasa hivi kwenye kadi yake," bosi akasema, amechoka.

Nikamzuia tena. Fedha zote zilikuwa zimeshakatwa kwetu. Tukimrudishia kwa mkono wetu wakati mzozo uko wazi, anaweza kuzipata mara mbili, na kuzifuatilia ni kazi nyingine. Njia ilikuwa kupinga sehemu: tunakubali usiku mbili, tunapinga mmoja. Kampuni yetu ya malipo iliruhusu kujaza kiasi tunachokipinga.

Barua iliyotumwa ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema mgeni anadai hakukaa. Alikaa usiku mmoja. Hizi hapa fomu, kumbukumbu za kitasa na baruapepe yake kuhusu chaja. Usiku mbili zilizobaki hatuzipingi. Mlinzi aliyefokewa hakutajwa. Niliituma siku ya sita jioni, nikiwa nimeisoma mara nyingi hadi macho yakauma.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Siku moja fedha za usiku mmoja zikarudi kwenye akaunti, bila salamu wala maelezo. Ada ya mzozo haikurudi. Bosi alizitazama, akauliza kama tungeomba zote tatu ingekuwaje, nami sikumjibu.

Mgeni hakuwahi kuja kuchukua chaja. Mama wa usafi aliihifadhi kwenye mfuko wa nailoni wenye karatasi iliyoandikwa "9", na nilipohama idara mwaka uliofuata bado ilikuwa kwenye droo yake.