Picha 144 za begi moja, na nilivyorudi kwenye sita

Ushauri ulioniponza ni huu: "Toa picha nyingi kadiri unavyoweza, tupia zote hewani, mtambo wa matangazo utakuchagulia mshindi." Niliusikia kwa mtu anayefundisha matangazo kwa ada, na kwa sauti ya kujiamini kabisa. Nikamwamini. Kwani picha siku hizi si ni kuandika prompti tu, yaani maelezo ya picha unayoitaka, na kusubiri akili bandia ikuchoree?

Mteja wangu anauza begi la mgongoni la turubai. Nikakaa usiku nikapanga kama fundi: mandhari manne, aina tatu za mwanga, pembe nne za kamera, watu watatu tofauti. Zidisha mwenyewe, zinakuja 144. Nilizitoa zote. Nikachuja zile zenye vidole sita na mikanda inayoanzia hewani, zikabaki kama mia, nikachagua 48 nilizozipenda nikaziweka zote kwenye kundi moja la matangazo. Mteja alipofungua folda akaniuliza, "Ndugu yangu, umeniletea tangazo au albamu ya harusi?" Nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Siku ya pili picha tano zilikuwa zimemeza karibu pesa yote. Mtambo ukiona picha imepata mibofyo michache ya mapema, unaielekezea bajeti, na zile nyingine zinabaki hazijaonwa na mtu. Zaidi ya 30 zilikuwa na mibofyo miwili, mitatu, au sufuri. Aliyeibuka mshindi alikuwa kijana kwenye kituo cha treni, mwanga wa jioni, kamera kutoka chini. Mteja akauliza swali la haki kabisa: kilichoshinda ni nini? Ni treni? Ni jioni? Ni kijana? Sikuwa na jibu. Hata kama ningekuwa na bahati ya kuwa na mshindi wa kweli, nisingeweza kutengeneza ndugu yake.

Kilichonifumbua macho kilikuwa ujinga niliofanya bila kukusudia. Katika kupanga upya nilipakia picha moja mara mbili, faili lile lile, majina tofauti. Niliendesha jaribio la kugawa watazamaji nusu kwa nusu. Kila upande ulionekana kama mara 2,000. Upande mmoja ukapata mibofyo 31, mwingine 19. Nikaanza kumwandikia mteja kwamba picha ya kwanza inaongoza kwa mbali, nimefika nusu ya barua ndipo nikazifungua zote mbili kumwonyesha tofauti. Nilizikodolea macho nikitafuta. Hakuna tofauti. Ni picha moja! Nilifuta barua polepole sana.

Pengo lile lote lilikuwa bahati tu. Basi nikachukua kikokotoo. Kama tangazo lako hubofywa na mtu mmoja kwa kila mia, na unataka kuitambua picha inayofikisha 1.3 kwa mia, unahitaji takriban maonyesho 20,000 kwa kila upande. Ukitafuta tofauti kubwa, tuseme kutoka 1 hadi 2 kwa mia, zinatosha kama 2,400. Hesabu hii ndiyo iliyoamua kila kitu baadaye, kwa sababu inakuambia usipoteze bajeti kupima vitu vidogo. Mwanga laini dhidi ya mwanga mkali, lenzi hii dhidi ya ile: hata kama tofauti ipo, ni ndogo mno kuonekana kwa pesa ya mfanyabiashara wa kawaida. Pima kwanza kitu ambacho kikishinda kitashinda kwa kishindo.

Kitu hicho ni kipi ndani ya prompti? Kwangu mimi ni kinachotendeka kwenye picha. Mtu anafanya nini na bidhaa, au bidhaa imekaa tu. Baada yake ni ukubwa wa bidhaa ndani ya fremu. Kisha mandhari na rangi yake. Mwanga, aina ya kamera na vile vivumishi vya "maridadi, ya kisasa" nimevifunga na sivigusi kabisa. Maneno ya tangazo siyaweki kwenye prompti, nayaandika baadaye kwenye programu ya usanifu, maana yakiingia kwenye picha yanakuwa kigezo kingine kinachobadilika bila ruhusa.

Sasa nije kwenye mtego nilioupenda kuliko yote, kwa maana ulinipiga vizuri. Nilidhani nikifunga namba ya mbegu, ile ya `--seed`, basi nikibadilisha neno moja kitabadilika kitu kimoja. Nikaandika hivi:

```
two hands sliding a laptop into a canvas backpack, {plain grey wall, sunny kitchen, train seat} background, soft window light, close-up --ar 4:5 --seed 4127
```

Mabano yale ya mawimbi kwenye Midjourney, mtambo ninaotolea picha, yanakutolea prompti tatu kwa mkupuo, kila moja na mandhari yake. Raha tupu. Ila picha ya jikoni ilikuja na begi dogo zaidi, picha ya treni ikaja na mkono mmoja tu, na kwenye ukuta wa kijivu begi likaota mfuko wa tatu ambao mteja hauzi. Mbegu inafunga mchanga wa kuanzia tu, zile chengachenga ambazo mtambo huanza nazo kabla ya kuchora. Ukibadilisha maneno, mtambo unajenga nyumba nyingine juu ya mchanga ule ule. Kwa hiyo nilichodhani ni jaribio la mandhari kilikuwa jaribio la mandhari, ukubwa wa begi, idadi ya mikono na uongo kuhusu mifuko, vyote kwa pamoja.

Dawa yake ni kuacha kutoa picha upya. Natengeneza picha moja ya msingi ninayoiridhia, kisha nafunika sehemu ninayotaka ibadilike, nauambia mtambo uchore hapo tu na pengine pote paachwe. Mikono ni ile ile, begi ni lile lile hadi mshono wa mwisho. Na begi lenyewe silitoi tena kwa prompti: natumia picha halisi aliyopiga mteja, nimelikata mandhari yake, mtambo unajenga dunia kuizunguka. Mtu akinunua begi la mifuko miwili baada ya kuonyeshwa mitatu, atalirudisha, na atakuwa na haki.

Hata hivyo kitendo hakiwezi kubadilishwa kwa kufunika kona moja. Mtu anayetembea na mikono inayofungasha ni picha mbili tofauti, hakuna namna. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kila wazo linahitaji picha zaidi ya moja. Ukipima wazo kwa picha moja hujui umepima wazo au umepima bahati ya picha ile.

Fungu langu la kwanza la maana lilikuwa na picha sita tu, nikitoka kwenye 144. Mawazo matatu, picha mbili kila moja: begi peke yake mezani likiwa wazi vitu vikionekana; mtu anatembea nalo mgongoni; mikono miwili inaingiza kompyuta mpakato ndani yake. Mwanga, mandhari, uwiano wa fremu na maneno ya tangazo yalikuwa yale yale. Nilitumia kile kipengele cha kugawa watazamaji, ili aliyeona wazo moja asionyeshwe jingine na mtambo usipate nafasi ya kupendelea, na nikalisimamia hadi kila picha ilipofika maonyesho 10,000. Bajeti ilikuwa chini kidogo ya ile niliyoichoma kwenye picha 48.

Begi mezani lilipata mibofyo 100 kwa picha moja na 110 kwa nyingine. Mikono ilipata 160 na 150. Hapo sina ubishi, picha zote mbili za mikono zimezishinda zote mbili za meza, kwa hiyo ni wazo lililoshinda. Lakini mtu anayetembea! Picha moja 80, nyingine 140. Ningeweka moja tu, ningesema ama wazo hili ni bovu kuliko yote ama linakaribia kushinda, kutegemea ni ipi niliyoibahatisha. Nilipoziweka pamoja sababu ilionekana mara moja: kwenye ile ya 80 mtu alichorwa mzima kuanzia kichwani hadi viatuni, na begi lilikuwa saizi ya ukucha. Kwenye ile ya 140 alikatwa kiunoni, begi limejaa fremu. Ndiyo maana fungu la pili nilipima ukubwa wa begi ndani ya fremu, na si mandhari kama nilivyokuwa nimepanga.

Kabla fungu halijaenda hewani huwa nalipitisha kwa dada yangu. Nazipunguza picha hadi saizi ya kidole gumba, nampa simu, nahesabu sekunde mbili, naichukua. Mara ya kwanza nilimwonyesha picha mbili nilizozihangaikia mchana kutwa, moja ina "mwanga wa asubuhi" nyingine "mwanga wa alasiri".

"Kaka, mbona umenionyesha picha ile ile mara mbili?"

"Si ile ile, angalia kivuli."

"Kivuli cha nini?"

Zote mbili zikaenda kapuni. Kama yeye akiwa ameombwa kuangalia haoni tofauti, mtu anayepitisha kidole kwenye simu akisubiri zamu yake ataionaje? Kipimo hiki hakinigharimu hata senti na kimeniulia mafungu mengi kuliko takwimu zote.

Majina ya faili nayo yalinitesa mpaka nilipoanza kuandika kilichobadilika ndani ya jina lenyewe, kwa mfano `begi_mikono_karibu_kijivu_a.png`. Herufi ya mwisho ni ya picha ya kwanza au ya pili ya wazo lile. Ripoti ikija naipanga kwa jina na matokeo yanajikusanya yenyewe. Zamani nilikuwa na `final2_mpya_kweli.png` na sikukumbuka ni nini.

Jambo moja bado linanisumbua. Kwenye fungu la tatu nilijaza begi vitu kupita kiasi, kompyuta, viatu, chupa, mwavuli, mpaka linafura. Mibofyo ilipanda vizuri sana, nikajipongeza siku nzima. Mauzo hayakusogea. Mteja ndiye aliyeniambia kwa upole kwamba watu walikuwa wanabofya kuona kama kweli vitu vyote vile vinaingia, na wakifika wanakuta vipimo vinavyosema haviingii. Tangu hapo naangalia safu ya mauzo kabla ya safu ya mibofyo, na picha ile nimeitoa, ingawa kusema kweli ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.