Trei ya shawa iliyovujia dari ya jirani

Mama wa ghorofa ya chini hapa Upanga aligonga mlango wangu kwa mara ya tatu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, dari yangu inalia tena."

Niliona aibu na hasira pamoja. Fundi alikuwa ameondoka wiki mbili tu zilizopita, baada ya kujaza grauti mpya pale trei ya shawa inapokutana na marumaru za ukutani. Kila akija neno lake ni lilelile: "Hii nimeichanganya nzito." Na kila mara ufa mwembamba kama unywele hutokea palepale.

Safari hii nilipima mwenyewe. Niliziba tundu, nikajaza maji ya vidole viwili, nikayaacha saa tatu. Hayakupungua. Nikayafungulia yaende yote, na kwa mama bado kukavu. Basi si trei wala bomba la maji machafu. Nikaanza kumwagia kwa kopo, taratibu, kwenye ule ufa. Hazikupita dakika kumi, mama akaita, "Inadondoka!"

Nikaingia kwenye trei, mume wangu ameinama anatazama. Nikisimama, ufa unafunguka, nikitoka, unajifunga. Trei ya plastiki hubonyea kidogo ukiikanyaga, na grauti ni saruji, haivutiki, lazima ipasuke. Kati ya kigae na kigae inafaa kabisa. Lakini kwenye ukingo wa trei, na kwenye kona ya kuta mbili, panataka silikoni, inayovutika na kurudi. (Kama trei inacheza kama ubao uliolegea, silikoni haitoshi, ing'olewe ilazwe upya.)

Nilikwangua grauti yote, pamoja na mabaki ya silikoni ya zamani, kwa sababu mpya haishiki juu ya kuukuu. Maji yetu ya kisima huacha chumvi nyeupe, nikaisugua, nikafuta kwa spiriti na kuacha siku nzima pakauke.

Sasa kitu ambacho hakuna fundi aliyeniambia: kabla ya kujaza, niliweka ndani ya trei ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji. Uzito ule ulishusha trei na kuufungua mwanya kama ninavyoufungua mimi nikisimama. Nikajaza silikoni ya bafuni, ile ya kuzuia ukungu, ya elfu kumi na kitu Kariakoo. Nilikuwa nimebandika tepu ya karatasi juu na chini, nikalainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, nikabandua tepu kabla silikoni haijaanza kushika. Ndoo sikuzigusa mpaka kesho yake jioni, harufu ya siki ilipoisha. Silikoni ikikaukia mwanya ukiwa wazi, mtu akisimama haivutwi sana. Akitoka inabanwa tu, na inavumilia kubanwa.

Masika yote yamepita. Mama amepaka dari yake rangi upya, na juzi aliponikaribisha chai nilitazama juu kabla ya kukaa. Nyeupe, hakuna hata doa.