Hatua ya kwanza ilikuwa nyuma ya karatasi

Niliambiwa maswali ya ufahamu juu ya karatasi ya maelekezo ni alama za bure: soma swali, tafuta maneno yaleyale kwenye karatasi, nakili. Ushauri huo uliniponza. Nilikosa maswali matatu kati ya sita, na mpaka leo unaniudhi.

Karatasi ilikuwa ya rangi ya nywele, ile ya chupa mbili za kuchanganya. Swali la kwanza liliuliza mtumiaji aanze na nini. Nikaandika avae glavu, maana ndiyo iliyokuwa namba 1. Kumbe nyuma ya karatasi, chini ya "Tahadhari", iliandikwa apake rangi kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla ya kutumia, aone kama ngozi itawasha au kuvimba. Hiyo ni hatua kama nyingine, tena inazitangulia zote kwa siku mbili nzima.

Swali jingine: mchanganyiko uliobaki ufanywe nini? Mimi nikakumbuka nimeona "funga chupa vizuri", nikaandika ufungwe vizuri. Maneno hayo yalikuwa ya hatua ya kutikisa. Tahadhari ilisema umwagwe, usihifadhiwe, kwa sababu rangi ikishachanganywa huendelea kutoa gesi, na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. La tatu lilikuwa la dakika 30 za kuiacha rangi kichwani. Nilizihesabu tangu kuanza kupaka, ilhali karatasi ilisema "baada ya kumaliza kupaka".

Basi nikaacha kuwinda maneno. Nilichukua karatasi ileile, nikaandika kila kitendo kwenye kipande chake, halafu nikavipanga mezani kwa kufuata saa. Hapo ndipo nilipoona kazi ya viungo vidogo vya Kiswahili. "Mimina rangi kwenye chupa ya pili ukiwa umeshapaka mafuta ya mgando pembezoni mwa uso": kumimina kumetajwa kwanza, lakini mafuta yanatangulia. Sasa nikikutana na "-sha-", "kabla hujafanya" au "mara tu", napiga mstari na kuhamisha kipande. Usingoje swali likuulize.

Tahadhari nazo nilizigawa. "Usipake kwenye nyusi wala kope" ni katazo la watu wote, wakati wote, kwa kuwa rangi ikiingia machoni inaweza kupofusha. "Usitumie kama kichwa kina vidonda" lina sharti ndani yake. Kwa hiyo swali likiuliza "nani hapaswi kutumia?", jibu linatoka kwenye yale yenye "kama", na la nyusi halihusiki kabisa, hata likiwa limeandikwa kwa wino mzito.

Zoezi lililofuata lilikuwa la dawa ya kuzibulia sinki. Hatua ya kwanza ilikuwa imejificha kwenye mstari wa mwisho: "Fungua madirisha kabla hujafungua kifuniko." Nilipata sita kwa sita.