Nilivyounganisha rekodi za wagonjwa zilizojirudia kwenye Excel ya kliniki yetu Moshi

Kwenye kliniki ninayofanya kazi hapa Moshi mjini, wagonjwa wote wako kwenye shiti moja ya Excel: namba ya mgonjwa, jina, tarehe ya kuzaliwa, simu, jinsi, mzio. Mahudhurio yako kwenye shiti ya pili, na kinachoziunganisha hizo mbili ni namba ya mgonjwa. Mtu akisahau kadi nyumbani na mapokezi wasilipate jina lake haraka, anaandikishwa upya. Kuanzia hapo historia yake imekatika vipande viwili, na daktari anayefungua namba mpya haoni mzio ulioandikwa kwenye namba ya zamani.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili faili lote, nikajiwekea msimamo mmoja: kuwachanganya watu wawili ni hatari kuliko kumwacha mtu mmoja na namba mbili. Namba mbili unaweza kuziunganisha hata mwezi ujao. Lakini mahudhurio ya watu wawili yakishaingiliana, nani atakuambia dawa ipi alipewa nani?

Nilianza na simu. Namba moja ilikuwa imeandikwa kwa 07, kwa 255, kwa +255, nyingine zina nafasi katikati, na nyingine Excel ilikuwa imekula sifuri ya mwanzo. Zote zinafanana tarakimu tisa za mwisho, kwa hiyo nikatengeneza safu mpya G kutoka safu D ya simu:

```
="0"&RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2," ",""),"-",""),9)
```

Kisha `=LEN(G2)`. Isipotoa 10, namba hiyo ina upungufu. Kuna aina mbili ambazo fomula hii haiziponyi. Ya kwanza ni kisanduku chenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwa sababu itachukua ya mwisho tu; hizo nilizigawa kwa mkono kwanza. Ya pili ni namba iliyogeuka `2.55754E+11` na faili likahifadhiwa hivyo kama CSV. Hapo tarakimu za mwisho zimepotea kabisa, hakuna fomula itakayozirudisha. Unafungua jalada la karatasi.

Nilipopanga shiti kwa safu hiyo, simu zilizojirudia zilikuwa nyingi kuliko wagonjwa waliojirudia, na sababu yake kila mtu wa huku anaijua. Simu ni ya nyumba. Bibi anayeshuka kutoka Kibosho anaandikisha simu ya mjukuu, mama anaandikisha simu yake kwa watoto wote watatu. Kwa hiyo simu niliitumia kukusanya wanaoweza kuwa mtu mmoja. Kuamua niliiachia tarehe na jina.

Tarehe ndiyo iliyonichukulia muda. Kompyuta moja ya mapokezi ilikuwa imewekwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiandika 12/04/1991 kwenye mashine hiyo ukimaanisha Aprili, inahifadhi Desemba 4 bila kukuuliza. Ukiandika 25/04/1991 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi inaiacha kama maandishi. Ndiyo dalili niliyoitumia: kwenye mistari iliyoingizwa na mashine ile, tarehe zilizokaa kushoto mwa kisanduku zilikuwa maandishi na zilikuwa sahihi, ila zile zilizokaa vizuri kulia ndizo za kushuku. Nikaweka safu ya pili yenye tarehe iliyogeuzwa, ili nilinganishe na zote mbili:

```
=IF(ISNUMBER(C2),IF(DAY(C2)<=12,DATE(YEAR(C2),DAY(C2),MONTH(C2)),C2),C2)
```

Halafu kuna 01/01. Mzee akisema "nimezaliwa hamsini na mbili", mapokezi wanajaza 01/01/1952 kwa sababu kisanduku kinadai tarehe kamili. Tarehe ya namna hiyo niliihesabu kuwa mwaka tu. Wazee wawili wa 01/01/1952 hawajafanana kwa chochote zaidi ya mwaka. Kama namba ya NIDA ipo, inasaidia sana hapa, maana tarakimu zake nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa.

Kwa majina nilitengeneza safu ya kulinganishia tu, jina lenyewe sikuligusa:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(TRIM(B2)),"SS","S"),"Z","S"),"TH","T")
```

Hiyo inawakutanisha Massawe na Masawe, Urassa na Urasa, Elizabeth na Elisabeth. Haiwezi kumkutanisha aliyeandikwa kwa jina la baba safari moja na kwa jina la mume safari nyingine, wala "Mama Brian". Hao utawaona kwa jicho, ndani ya kundi la simu moja.

Nitoe mfano mmoja, majina nimeyabadilisha. Simu moja ilikuwa na mistari mitatu: Elizabeth John Massawe, 12/04/1991, Elisabeth Masawe, 04/12/1991, na Mama Brian, 01/01/1991. Wawili wa kwanza walikutana kwa jina la kwanza na la ukoo, tarehe zao ni ileile iliyogeuzwa, na mstari wa pili ulitoka kwenye ile mashine. Nikawaunganisha. Mama Brian sikumgusa mpaka nilipotoa jalada lake na kukuta jina kamili limeandikwa juu ya fomu ya kliniki ya wajawazito.

Kundi lililonitia hofu lilikuwa jingine. Simu moja, tarehe moja ya mwaka 2019, jinsi moja, ukoo mmoja: Gladness Kimaro, Glory Kimaro, na mstari wa tatu "G. Kimaro". Nilimwita dada wa mapokezi aangalie.

"Kaka, hao ni mapacha," akaniambia. "Mama yao huja nao wote wawili."

Mmoja alikuwa na mzio wa Septrini, mwenzake hana. Ule mstari wa G. Kimaro ungeweza kuwa wa yeyote kati yao, na simu, tarehe na ukoo vyote vingekubali. Tangu hapo, kundi lolote lenye simu moja na tarehe moja lakini majina ya kwanza tofauti nililitenga kama mapacha mpaka karatasi iseme vinginevyo.

Wakati wa kuunganisha sikufuta mstari hata mmoja. Niliongeza safu ya `NAMBA_KUU`. Mstari wa zamani zaidi ulibaki na namba yake, na ule wa pili ukaandikiwa namba ya ule wa kwanza. Shiti ya mahudhurio inasoma namba kuu, na namba ya asili iko palepale, hivyo tukigundua si mtu mmoja tunawatenganisha siku hiyohiyo. Mzio uliokuwa upande mmoja tu niliuhamishia kwenye namba kuu. Jinsi au kundi la damu likipishana, nilisimama nikampelekea daktari aamue yeye.

Waliobaki bila uamuzi, G. Kimaro akiwemo, wana neno `THIBITISHA` kwenye safu ya mwisho. Mgonjwa kama huyo akifika dirishani, mapokezi wanamwomba ataje mwenyewe majina matatu na tarehe ya kuzaliwa. Mtoto anatajiwa na mzazi. Hawamsomei kilichoandikwa. Ukimuuliza mtu mwenye homa "wewe ni wa tarehe nne Desemba, siyo?" ataitikia ndiyo ili apite akamwone daktari.