Siku moja maishani mwangu: koti la marehemu na jua la alasiri

Saa 2 asubuhi nimefungua studio tu, dada mmoja kaingia na picha ya marehemu baba yake kwenye simu, mzee kakaa barazani na singlendi, familia inataka aonekane kavaa suti kwenye fremu ya arobaini. Nikampa pole, nikamwambia dada yangu pitia saa 11.

Saa 3 sijagusa koti bado, nasoma jua kwanza. Kivuli cha pua kimelalia shavu la kulia kwa mkono wangu, shingoni kivuli cha kidevu kimeshuka hukohuko, na kwenye macho kale kadoa keupe kako juu kushoto. Basi, mwanga unatoka kushoto juu.

Saa 4 nachagua eneo la singlendi, nashusha Generative Fill, ile AI ya Photoshop inayochora unachoiomba, inaleta koti zuri la kijivu ila bega linalong'aa ni la kulia! Mzee usoni kapigwa jua la kushoto, kifuani la kulia, na mtu asiyejua picha ataona tu kuna kitu hakijakaa sawa. Unaweza kugeuza koti kama kwenye kioo ukamaliza, kwa gauni huwa nafanya, lakini koti la kiume upande wa kushoto wa mvaaji ndo unalala juu na mfuko wa kifuani uko huohuo wa kushoto, ukigeuza umemvalisha mzee koti kinyume. Nikakataa.

Saa 5 mpaka saa 8 ndo kazi yenyewe. Nazimua kwanza ule mng'ao wa bega la kulia kwa Curves, kifaa cha kupandisha na kushusha mwanga, mpaka koti linapooza, halafu leya ya kijivu cha katikati ya nyeusi na nyeupe kwenye Soft Light, ambapo weupe unang'arisha na weusi unatia giza, brashi laini, Flow 5 hivi ili rangi itoke kidogokidogo, napaka weupe bega la kushoto na weusi pembeni kulia, mkunjo mmoja baada ya mwingine, taratibu, maana ukikimbia nguo inakuwa kama plastiki.

Halafu kola. Kile kivuli cha kidevu hakiwezi kuishia shingoni wakati kitambaa kiko hapohapo chini yake, lazima kipande juu ya kola. Natengeneza leya ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, rangi naichota kwenye vivuli vya picha yenyewe, siyo nyeusi tupu, ukingo mkali karibu na shingo, laini kadiri kinavyoshuka. Na kola nayo inaweka kauzi kembamba keusi ka kivuli pale inapogusa ngozi, bila hako kichwa kinaelea.

Saa 9 naigeuza picha yote iwe nyeusi na nyeupe, rangi zikitoka jicho linaona mwanga tu. Bega la kulia bado lilikuwa linang'aa kuzidi shavu la upande uleule, nikalishusha.

Saa 10 naprinti, kivuli cha kola kimetoka kizito kuliko kwenye skrini, nikapunguza Opacity, yaani uzito wa leya yake, kutoka 60 hadi 45, nikaprinti tena. Dada alipofika nilikuwa nafuta kioo cha fremu, akaishika kwa mikono miwili, akakaa nayo kwenye benchi muda mrefu.