Jinsi nilivyogundua chanzo changu kimenidanganya kabla habari haijatoka

Nimepumua sasa, naandika ili mwenzangu anayeanza asihangaike kama mimi.

Kazi yangu ya kwanza ya uandishi wa habari ilihusu kilula cha maji kijijini. Katibu wa kamati, chanzo changu kikuu, alisema kinauza ndoo 200 kwa siku kwa miezi miwili. Lakini sakafu chini ya bomba ilikuwa na vumbi kavu. Nilimuuliza tena, akanifungulia daftari la mauzo. Majirani nao wakatazamana tu.

Kilichonitoa ni dira ya maji. Nilifuta kioo kwa ncha ya kanga, nikasoma tarakimu nyeusi: 00009. Hapo nusura nikosee, maana nyekundu zinazofuata ni lita, si uniti. Ukiziunganisha unapata namba kubwa ya uongo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo 200 ni uniti 4 kwa siku. Kwa siku 60 ni uniti 240. Dira ilikuwa na 9.

Huenda dira ni mbovu, nikawaza. Mlinzi akafungua koki, tukajaza ndoo moja. Nyekundu zikasogea 20. Akasema dira haijawahi kubadilishwa. Nikapiga picha.

Nikarudi kwa katibu. “Shikamoo baba. Dira inasoma 9, daftari linasema ndoo 12,000. Naomba maelezo yako niyaandike.” Akanyamaza kitambo, kisha akakiri daftari lilijazwa kwa siku moja, kabla sijafika.

Mhariri alianza habari na ile 00009, na maelezo ya katibu yakafuata.